Mti wa Dada Wawili

Kazini walimwita Kengele, na jina lilimkaa kama nguo ya kushonewa. Kazi yake ilikuwa kuamua simu ya mtu ilie saa ngapi, na ikilia iseme nini. Kampuni yao ilikuwa ndogo, ghorofa ya tatu juu ya duka la vifaa vya umeme, na ilitengeneza michezo ya simu. Wenzake walichora, wengine wakaandika programu. Yeye alipanga zawadi za kila siku na kutunga zile sentensi fupi zinazochungulia juu ya kioo cha simu wakati mtu anakoroga chai. Mama yake alikuwa akiwaeleza majirani kwamba binti yake ni mwandishi wa vitabu vifupi kuliko vyote duniani.

Mchezo uliowalisha uliitwa Mti Wetu. Watu wawili, popote walipo, wanapanda mti mmoja. Kila siku kila mmoja anafumbua fumbo dogo la maneno, kisha anaumwagilia. Wakimwagilia wote wawili, mti unatoa jani. Mmoja akikosa, hakuna jani siku hiyo, basi. Kengele ndiye aliyeshikilia kwamba iwe hivyo. Alisema mtu ana harusi, ana mgonjwa, ana siku ya kutotaka kuona simu, na mti wake usimgeukie kuwa polisi. Mkurugenzi, mwanamke mpole mwenye tabia ya kuvua miwani kila anapotaka kukataa jambo, hakuvua miwani siku ile.

Wachezaji wa kwanza kabisa walikuwa mama yake Kengele na mama yake mdogo. Mama alikuwa mpiga chapa wa mahakama mpaka alipostaafu, na maneno yalikuwa vidoleni mwake. Mama mdogo alikuwa karani wa posta katika mji mwingine, safari ya nusu siku kwa basi. Tangu utotoni hawa wawili walibishana juu ya maneno kama wengine wanavyobishana juu ya mpira. Mama akipata fumbo haraka, alipiga simu kumtania mdogo wake. Mama mdogo akipata kwanza, hakupiga. Alituma picha ya mdomo uliofungwa, na hiyo ilimkera dada mtu kuliko tusi. Siku ambazo mmoja amekosa, mti ulikaa tu ukingoja, na wao wakacheka.

Kisha kampuni ikaanza kukaukiwa. Wachezaji walipakua mchezo, wakacheza siku mbili tatu, wakapotea. Mkurugenzi akaajiri kijana mtaalamu wa kurudisha wachezaji. Alikuja na suti moja na kompyuta mbili, na kwa kuwa hakuweza kusema jambo bila kuchora mstari unaopanda, wakamwita Grafu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa wa kwanza kufika asubuhi, na chai aliwapikia wote bila kuombwa.

“Dada, mti wako hauna meno,” alimwambia Kengele katika kikao. “Mtu akikosa leo, hapotezi kitu. Sasa kesho arudi kwa nini?”

“Kwa sababu anaupenda.”

“Kupenda hakupimiki.”

“Kuogopa ndiko kunakopimika?”

Grafu alitabasamu, lakini hakurudi nyuma. Alitaka wachezaji wagawanywe mafungu mawili kwa bahati nasibu. Fungu moja libaki na mti wa zamani. Fungu la pili lipewe mti unaokauka: wawili wale wahesabiwe siku za mfululizo, na siku yoyote mmoja akikosa, majani yote yapukutike na hesabu irudi mwanzo. Zawadi za kila siku nazo zikatike vivyo hivyo. Na arifa ziongezwe: moja asubuhi, moja mchana, na jioni zije mfululizo, na saa inayohesabu kinyumenyume. Zaidi ya hayo, yule aliyekwisha kumwagilia apelekewe ujumbe amsukume mwenzake.

Kengele alibishana siku nzima. Alisema hizo si zawadi, ni deni lililofungwa utepe. Mkurugenzi akavua miwani. “Ni jaribio tu,” akasema. “Tukiona halifai, tunalizima.” Kengele akarudi mezani kwake. Sentensi za fungu la pili alikataa kuziandika. Grafu akaziandika mwenyewe.

Wiki ileile jaribio lilipoanza, mama mdogo alifariki. Moyo wake ulisimama mchana, akiwa amekaa nyuma ya kaunta ya posta. Wenzake walidhani amesinzia. Mama na Kengele walisafiri, wakazika, wakarudi na sanduku la nguo na mfuko wa vitu vidogo vidogo. Kwenye msiba Mama hakulia. Aliwapangia watu viti, akahakikisha wageni wamepata maji, akaandika majina ya waliochangia kwa ule mwandiko wake wa mahakamani. Wanawake wakanong’onezana kwamba huyu amejikaza kupita kiasi. Kengele naye alilia kwa niaba ya wote wawili, kisha likizo yake ikaisha, akarudi kazini.

Kuanzia hapo aliona mambo madogo ambayo hakuyaunganisha. Mama aliacha kwenda kuwatembelea watu wa mbali. Kaka yake Kengele, aliyehamia kijiji cha milimani kwa kazi ya ualimu, alimwomba mara kadhaa aje amwone mjukuu mpya. Mama akawa na sababu kila mara: mgongo, mvua, bei ya nauli. Alipobanwa sana alisema kule hakuna mtandao.

“Mtandao wa nini, Mama?” Kengele aliuliza huku anacheka. “Umekuwa mfanyabiashara siku hizi?”

“Mtu anaweza kunitafuta,” Mama alijibu, akageukia sufuria yake.

Kazini, mistari ya Grafu ilikuwa inapanda. Fungu la mti unaokauka lilirudi kila siku kwa wingi kuliko lile jingine. Mkurugenzi alinunua keki. Kengele alikula kipande chake akasifu keki.

Basi umeme ukakatika mtaani kwa mama yake. Transfoma ililipuka, na mafundi wakasema watakuja, wakawa hawaji. Kengele alikuwa mezani, alasiri, aliposikia simu yake ikilia. Aliyepiga alikuwa kinyozi wa chini ya jengo analoishi Mama, mwanamume mwenye jenereta dogo aliyekuwa akichajia simu za mtaa mzima.

“Mama ameteleza kwenye ngazi,” alisema taratibu, kama mtu anayechagua pa kukanyaga. “Mvua imeingia, ngazi zote zimelowa. Mkono wake hauko sawa. Tumempeleka hospitali, anaongea, usiogope. Ila anasumbukia simu.”

“Simu ipi?”

“Hizo mbili alizokuwa ananiletea.”

Kengele hakuelewa, na hakuwa na muda wa kuelewa. Alitoka na mkoba wazi. Hospitalini alimkuta mama yake kwenye kitanda cha pembeni mwa wodi, mkono umewekewa vipande vya ubao vya kuushikilia, uso umechubuka upande mmoja. Alionekana mdogo, kama nguo iliyofuliwa kwa maji moto. Kengele alimshika mkono mzima, na kabla hajauliza inauma wapi, Mama akasema:

“Mwanangu, saa ngapi sasa?”

“Inakaribia saa kumi na mbili. Mama, ilikuwaje?”

“Kinyozi amekupa simu? Zimepata chaji?”

Kinyozi alikuwa amezileta kwenye mfuko wa plastiki. Moja ilikuwa ya Mama. Ya pili ilikuwa na kava la buluu lililochubuka pembeni, na Kengele aliitambua kabla ya kuigusa. Ilikuwa ya mama mdogo. Alikuwa amedhani ipo kwenye sanduku pamoja na nguo.

“Fungua ya mdogo wangu,” Mama alisema. “Namba ya siri ni mwaka aliozaliwa bibi yako. Mimi yangu nimeshamwagilia. Yake ndiyo ilizima. Fanya upesi, mama, wanasema mwisho ni saa mbili usiku.”

Kengele aliiwasha. Simu ikakaa kimya kidogo ikitafuta mtandao, kisha ujumbe ukashuka mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukiusukuma uliotangulia.

Dada yako anakungoja.

Dada yako ametimiza zamu yake. Wewe je?

Mti mlioulea wote utakufa leo. Usiwe wewe wa kuuangusha.

Katika mkono wake wa pili simu ya Mama nayo ikatetemeka. Mdogo wako bado hajamwagilia. Mkumbushe kabla hamjapoteza kila kitu.

Alisimama pale na simu mbili, na wodi yote ikaendelea na mambo yake: mtu akikohoa, muuguzi akisukuma kigari cha dawa. Alizijua sentensi zile. Alikuwa amezisoma kwenye ubao wa kikao, zikiwa kwenye safu nadhifu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, pakiachwa nafasi ya kujaza jina ambalo mchezaji anamwita mwenzake. Ubaoni zilikuwa maneno tu.

“Unamwagilia?” Mama aliuliza.

“Namwagilia.”

Fumbo la siku lilikuwa neno la herufi sita lenye maana ya kukaa mahali pamoja bila kuondoka. Alijaza herufi mbili, akazifuta. Mama ndiye aliyemtajia jibu kutoka kitandani, macho ameyafumba. Jani likachipua. Mama akashusha pumzi ndefu, na hapo ndipo alipoanza kusikia maumivu ya mkono.

Daktari aliweka plasta ngumu, akasema mfupa wa kifundo cha mkono umevunjika lakini utaunga. Kengele alihamia kwa mama yake kwa muda, alale sebuleni, apike, amsaidie kuoga. Ni katika siku hizo, mmoja anamenya karoti na mwingine amekaa na mkono wake mzito juu ya mto, ndipo Mama alipoeleza.

“Nilidhani nitaifungua siku moja tu. Nilirudi kutoka kuzika, nikasikia inalia ndani ya mfuko. Inasema dada yako anakungoja. Nikasema, kweli, namngoja. Nikafungua, nikamwagilia. Kesho yake ikaniambia tukikosa, mti wote unapukutika. Mti huo una majani aliyoyaweka yeye, unajua. Kila jani lina neno alilofumbua. Ningeyaachaje yaanguke?”

“Ungeniambia, Mama.”

“Nikuambie nini? Kwamba naamka alfajiri kumchezea marehemu? Ungeniita mgonjwa.”

“Nisingekuita.”

“Mimi mwenyewe nilijiita.” Aliikuna plasta kama ngozi. “Halafu ilikuwa kazi. Asubuhi fumbo langu, halafu lake. Lake nalikosea makusudi mara moja kwanza, kwa sababu yeye alikuwa anaharakisha. Kaka yako akiniita, nafikiri, kule milimani mtandao ukikataa itakuwaje. Siku ile umeme ulipokatika, ujumbe ulikuja kwangu: mkumbushe mdogo wako. Nikasimama katikati ya chumba, mwanangu, na simu mkononi. Nimkumbushe wapi?”

Kengele aliweka kisu chini. Alitaka kusema kwamba si yeye aliyeiandika sentensi ile, na ilikuwa kweli, na haikumsaidia kitu. Akaendelea na karoti.

Aliporudi ofisini hakupiga kelele. Alimsimulia Mkurugenzi na Grafu yote, tangu sanduku hadi ngazi, kwa sauti ileile anayosomea taarifa za mwezi. Grafu aliangalia meza. Mkurugenzi alivua miwani, lakini safari hii ni kwa kufuta macho.

“Pole sana,” alisema. “Kweli pole. Lakini huyo ni mtu mmoja, Kengele. Siwezi kuendesha kampuni kwa mtu mmoja.”

“Ndiyo maana naomba tutazame wote. Tusitazame wiki ya kwanza. Tutazame waliokaa.”

Walikaa watatu mbele ya kompyuta za Grafu. Wiki ya kwanza ilikuwa vilevile, mti unaokauka ulishinda bila ubishi. Wiki zilizofuata mistari miwili ilisogeleana. Kufikia mwezi ilikuwa imekutana, na ule wa mti unaokauka ulikuwa unaelekea chini. Kengele akaomba jambo jingine: wangapi wamezima arifa kabisa. Hapo Grafu alikuna kichwa. Katika fungu lake, wengi sana walikwenda kwenye mipangilio ya simu wakaunyima mchezo ruhusa ya kuwatumia ujumbe. Mtu akishafika huko humpati tena, hata ukiwa na neno jema la kumwambia. Na walioupoteza mti mara moja hawakuanza upya. Walifuta mchezo siku ileile, kana kwamba walikuwa wakingoja sababu.

“Na hawa wanaorudi,” Kengele alisema, “wanakaa muda gani?”

Grafu alitafuta. Wengi walifungua, wakabahatisha fumbo, wakamwagilia, wakafunga. Zamani watu walikaa, wakarudia mafumbo ya jana, wakatumiana maneno.

“Hawachezi,” Grafu alisema polepole. “Wanalipa kodi.”

Mkurugenzi aliagiza arifa za jioni na zile za kusukumana zizimwe siku hiyohiyo, na mti usikauke kwa mtu yeyote. Kengele akapewa muda wa kutengeneza kitu cha kuweka mahali pake, kwa sharti kwamba nacho kitapimwa. Haukuwa ushindi. Wakati anasaini likizo nyingine ya nusu siku ampeleke Mama kliniki, alihisi amechelewa kufika mahali ambapo hakuna mtu tena.

Alifanya kazi hiyo pamoja na Grafu, kwa sababu ndiye aliyejua kupima. Hesabu ya siku mfululizo waliiondoa. Badala yake mti ukahesabu siku zote ambazo wawili wale wamewahi kuumwagilia, na hesabu hiyo hupanda tu, haishuki. Masanduku ya zawadi yaliwekwa kwenye njia: ukija, unafungua linalofuata, na usipokuja linakungoja palepale, hata mwezi. Ruhusa ya arifa haikuombwa tena mtu anapofungua mchezo mara ya kwanza, bali baada ya kuonja, na yeye ndiye wa kuchagua saa, na kitufe cha kuzima kikawekwa ndani ya ujumbe wenyewe. Ni moja kwa siku, haizidi. Usipoijali siku kadhaa, inakuwa ya wiki. Usipoijali tena, inakuja ya mwisho kusema tutanyamaza, mti uko salama, na kweli wananyamaza.

“Hiyo ya mwisho itatupotezea watu,” Grafu alisema.

“Hao tumeshawapoteza. Tunawaaga tu kwa adabu, ili siku wakitaka warudi wasione haya.”

Jambo la mwisho lilikuwa gumu kuliko yote. Mmoja wa wawili akiondoka, mti ufanywe nini? Waliandika na kufuta. Mwishowe wakaweka kitufe kimoja, Pumzisha mti, ambacho yeyote kati ya wawili angeweza kukibonyeza bila kuulizwa sababu. Mti ungebaki na majani yote na maneno yake, ungeweza kuutazama wakati wowote, na hakuna simu ambayo ingelia tena kwa ajili yake. Ukitaka kuuamsha, unauamsha.

Jumamosi moja, Kengele akiwa amesharudi kuishi kwake, Grafu aliomba amsindikize kwa mama yake. Alibeba mfuko wa machungwa, akakaa ukingoni mwa kiti kama mwanafunzi aliyeitwa na mkuu wa shule. Mama alimkaribisha, akamuuliza habari za wazazi, akamlazimisha kunywa chai. Kikombe kilipofika nusu, kijana alikiweka chini.

“Mama, zile jumbe za jioni. Mimi ndiye niliyeziandika.”

Mama alimtazama yule kijana kwa macho yaleyale aliyokuwa akisahihishia nakala za hukumu.

“Uliandika vizuri, mwanangu,” alisema. “Hakuna neno la ziada. Nikizisoma tu, nanyanyuka.”

Grafu aliinamisha kichwa, na hakukiinua mpaka Mama alipomwongezea chai. Hakukuwa na hasira ndani ya maneno yale, na Kengele alifikiri huenda kijana angefarijika zaidi kama ingekuwepo.

Toleo jipya lilipotoka, wachezaji wa kila siku walipungua kidogo mwanzoni, kama Grafu alivyosema. Kisha wakatulia. Waliorejea walikaa muda mrefu zaidi, na waliozima arifa wakawa wachache. Mkurugenzi alisema wanaweza kuishi nalo. Hakununua keki.

Kengele alikuwa na hamu ya kumwona mama yake. Plasta ilikuwa imeshatolewa, na aliamini kwamba mzigo nao umetolewa. Alimkuta jikoni amekaa kwenye kigoda, hapiki kitu, simu zote mbili mezani.

“Imekuja asubuhi,” Mama alisema. “Kwangu mimi. Mti wenu uko salama, mje mkipenda. Ni wewe huyo?”

“Ni mimi.”

“Nilijua. Nimejua mwandiko.” Aliigeuza simu ya buluu uso chini. “Juzi nilisahau kuifungua hii. Nilikwenda sokoni, nikakutana na watu, nikaongea, nikarudi, nikalala. Jana nikakumbuka. Nikaifungua upesi. Mti upo. Majani yote yapo. Hakuna aliyeuliza nilikuwa wapi.”

“Ndivyo tulivyotaka, Mama. Usisumbuke tena.”

“Najua. Nilidhani nitafurahi.”

Kengele alivuta kigoda cha pili akakaa karibu yake.

“Zamani ilikuwa inanitesa,” Mama aliendelea, “lakini ilikuwa inaniita. Kila siku mtu ananiambia mdogo wako anakungoja, mdogo wako hajamaliza. Maana yake yupo, ila amechelewa. Sasa nafungua, hakuna anayenihitaji. Mti hauna haraka. Wewe umeniondolea kazi, mwanangu, na umefanya vema, ila mimi sikuwa na kazi nyingine ya kumfanyia.”

Alijaribu kusimama akashike aproni, akakosa, akakaa tena. Kilio kilichomtoka hakikuwa na sauti mwanzoni, mabega tu, kisha kikaja chote, kile cha kaburini na cha wakati wa kuwapangia wageni viti. Kengele alimkumbatia. Yeye aliyekuwa akilipwa kwa kupata maneno machache yanayofaa alimshika mama yake akasema “pole, Mama, pole,” kama mtu yeyote.

Walikaa hivyo mpaka mwanga wa dirishani ukahama kutoka mezani kwenda ukutani. Mama alipopangusa uso, alivuta simu ya buluu, akaifungua, akaupekua mti jani kwa jani. Alisoma maneno ya mdogo wake kwa sauti. Kwenye baadhi alisema, “Hapa aliniibia, hili nilimtajia mimi.” Kwenye jingine alicheka huku kamasi zinamtoka. Alipofika juu kabisa, kwenye majani ambayo aliyaweka yeye mwenyewe kwa jina la marehemu, hakuyasoma.

“Hiki kitufe,” alisema. “Nikibonyeza, yatabaki?”

“Yatabaki yote.”

“Na haya ya kwangu ya uongo?”

“Hayo pia. Hayawezi kutenganishwa.”

Mama alifikiri. “Basi yabaki. Nayo nilikuwa nampenda nilipoyaweka.”

Akabonyeza. Kioo hakikufanya mbwembwe yoyote. Mti ulitulia, rangi zake zikapoa kidogo, na chini yake pakaandikwa kwamba umepumzika. Mama aliizima simu. Hakuiweka kwenye chaji.

Jioni hiyo walilitoa sanduku chini ya kitanda. Lilikuwa halijafunguliwa tangu lilipofika. Nguo zilikuwa zimeshika harufu ya kufungiwa, na juu kabisa ilikuwa sare ya posta, imekunjwa na mtu ambaye hakujua kukunja mashati. Mama alilikunjua shati, akalikunja upya jinsi mdogo wake alivyokuwa akikunja, mikono nyuma na ukosi juu. Kisha akachukua jingine. Kengele alikaa sakafuni akimpokea moja moja, mpaka sanduku likabaki tupu.